Ofa ya lori zima: namna ya kuwauzia wateja wako wa kila wiki kwa wingi bila kuila faida yako

Mteja anayenunua kwako kila wiki anaijua bei yako vizuri sana. Ukiishusha ghafla bila kumweleza, jambo la kwanza linalomjia ni kwamba mzigo una kasoro, au kwamba siku zote ulikuwa unamlipisha zaidi. Kwa hiyo ofa ya kununua kwa wingi huanzia kwenye sababu. Ukishaipata sababu ya kweli, yenyewe itakuonyesha upunguze kiasi gani, mteja achukue magunia mangapi, na ofa ifungwe lini.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Kuna mama ana duka la jumla Nyamakima, Nairobi, anauza mchele wa pishori kutoka Mwea. Wanunuzi wake ni wenye maduka ya mtaani huko Kayole, Githurai na Kangemi, pamoja na wenye hoteli ndogo. Kila wiki anakodi lori dogo la Canter kwa shilingi 9,000, linamletea magunia 30 ya kilo 50. Lori hilo lingeweza kubeba 60. Bei nitakazotaja ni za kufanyia hesabu tu. Wewe weka zako.

Hatua ya 1: Tafuta sababu ndani ya gharama zako

Mama huyu analipa lori mara mbili kwa wiki mbili, na kila safari nusu ya lori inakuja na hewa. Kila gunia linabeba shilingi 300 za usafiri. Lori likija limejaa mara moja kwa wiki mbili, kila gunia litabeba 150. Tena kuna hamali: gunia likishushwa kuingia stoo analipwa 20, likitoka kwenda kwa mteja analipwa 20 nyingine. Mteja akilipokea palepale kwenye lori, hamali analipwa mara moja tu.

Hiyo ndiyo sababu, na inasemeka kwa sentensi moja: "Nikileta lori zima kwa mara moja naokoa usafiri, na wewe ukichukulia kwenye lori nakupunguzia." Mwenye duka wa Githurai anaelewa hapo hapo, kwa sababu yeye mwenyewe analipa tuktuk na mkokoteni kila siku. Hana haja ya kushuku mchele.

Linganisha na sababu ambazo wengi hukimbilia. "Tunawashukuru wateja wetu" ni neno zuri, lakini haliingizi hata shilingi moja, kwa hiyo punguzo lote linatoka kwenye faida yako. "Bei inapanda wiki ijayo" ni hatari kama huna hakika. Isipopanda, mteja aliyefungia pesa zake kwenye magunia sita atakukumbuka kwa hilo. Na sheria nayo imeliona jambo hili: Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya Kenya ya mwaka 2012 inataja, kati ya maelezo ya uongo yanayokatazwa, kumwambia mtumiaji kwamba bidhaa inapatikana kwa sababu ambayo haipo, na pia kumwambia kuna nafuu ya bei ilhali haipo. Kupandisha bei Jumatatu ili uishushe Jumatano ni kosa la aina hiyo.

Kama sababu yako ya kweli ni kwamba mzigo umekaa muda mrefu, useme hivyo na ufungue gunia mbele ya mteja. Kuna wa hoteli atakayeuchukua kwa bei hiyo akijua anachonunua. Ukificha, utampoteza yeye na yule aliye jirani yake.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya gunia moja

Hapa ndipo ofa nyingi huharibika, kwa sababu muuzaji anatazama punguzo dhidi ya bei, badala ya kulitazama dhidi ya faida.

Siku za kawaida mama huyu ananunua gunia kinuni kwa 7,600, analipa usafiri 300 na hamali 40, kisha anauza 8,400. Linamwachia 460 kabla ya kodi ya duka na mishahara. Sasa anafikiria kupunguza 150. Ukiitazama dhidi ya 8,400 ni kitu kidogo, haifiki hata shilingi mbili kwa kila mia. Lakini ukiitazama dhidi ya 460 ni karibu theluthi nzima ya faida. Kama usafiri ungebaki uleule, angekuwa anagawa pesa yake mwenyewe.

Lori likija na magunia 60, hesabu inabadilika. Auze 8,250, atoe 7,600 za kinu, 150 za usafiri na 20 za hamali: anabaki na 480. Amempunguzia mteja na bado amepata 20 zaidi kwa gunia. Angekuwa na pupa ya kupunguza 300, angebaki na 330 hata lori likiwa limejaa pomoni, na angefanya kazi zaidi kwa pesa kidogo.

Sasa jiulize swali linalosahaulika: lori lisipojaa? Likija na 40, usafiri unakuwa 225 kwa gunia, naye anabaki na 405. Hapo ofa inamrudisha nyuma. Ukigawanya zile 9,000 kwa idadi mbalimbali, utaona kwamba kuanzia magunia 53 ndipo anarudi kwenye 460 yake ya kawaida. Nambari hiyo iandike kwa wino mzito kwenye daftari, kwa sababu inaingia kwenye masharti. Duka lake linaweza kupokea hadi 20 kwa ajili ya wanunuzi wa reja reja, kwa hiyo oda za wateja wa kila wiki zikifika 35, lori litakuwa na 55 na yuko salama. Zikipungua hapo, ofa haisimami.

Hatua ya 3: Acha daftari liamue kiwango cha chini

Usichague "magunia 10 na zaidi" kwa sababu nambari inapendeza. Fungua daftari la mauzo la miezi miwili iliyopita, uandike kila mteja wa kudumu huchukua magunia mangapi kwa wiki.

Mama wa Nyamakima ana wateja 12 wa namna hiyo. Watatu huchukua magunia matatu kwa wiki, watano huchukua mawili, na wanne huchukua moja moja. Kwa wiki mbili jumla yao ni 46. Kiwango kinachowafaa ni cha mzigo wa wiki mbili kwa mteja wa kati, yaani magunia manne. Mchele mkavu uliohifadhiwa juu ya mbao, mbali na ukuta wenye unyevu, hauna shida kukaa wiki mbili dukani. Tena magunia manne ni kilo 200, mzigo ambao tuktuk ya mizigo hubeba safari moja. Angeweka kumi, angewafungia nje wateja wake karibu wote na kumlazimisha aliyebaki atafute pickup.

Wale wanne wa gunia moja moja wasiachwe. Waruhusu waungane wawili wawili, kila mmoja achukue mawili. Sharti liwe moja: oda iwe kwa jina la mmoja, malipo yatoke kwa mmoja, na achukue mmoja. Wakagawane wenyewe huko mtaani. Ukikubali kila mtu alipe sehemu yake kwa wakati wake, utashinda asubuhi nzima ukisuluhisha nani kalipa nini huku dereva anakupigia honi.

Hatua ya 4: Weka tarehe tatu

Ofa ya aina hii ina tarehe tatu, na kila moja ina kazi yake. Kuna siku oda zinafungwa, kuna siku lori linafika, na kuna mwisho wa kuchukua mzigo. Wengi hutangaza ya kwanza tu, ndiyo maana wanabaki na magunia yaliyolipiwa nusu yakijaza stoo.

Oda zifungwe mapema kiasi cha kutosha kuagiza kinuni na kukodi lori, lakini isiwe mapema mno hata watu wakasahau. Kwa mama huyu: anatangaza Jumatatu asubuhi, anafunga Jumatano saa kumi na mbili jioni, na Ijumaa alfajiri lori liko Nyamakima. Siku tatu zinatosha kwa mtu anayekujua. Ukimpa wiki mbili, atakwambia "nitakuambia" mpaka siku ya mwisho.

Andika siku, tarehe na kipindi cha siku, vyote pamoja. "Ijumaa" peke yake huzaa ubishi wa Ijumaa gani, na "saa nne" peke yake kuna atakayefika asubuhi na atakayefika usiku.

Angalia pia kalenda ya mteja. Kantini ya shule haitajaza mchele wiki ambayo muhula wa pili unaelekea kufungwa, mwishoni mwa Julai. Mwenye duka mtaani huwa na pesa wiki ya kwanza ya mwezi kuliko ya tatu, kwa sababu wanunuzi wake ndio kwanza wamelipwa mishahara. Mwenye hoteli ana pesa ya kila siku, kwa hiyo kwake tarehe si tatizo. Tatizo lake ni nafasi ya kuweka magunia.

Hatua ya 5: Masharti yawe machache na yawe na majibu

Kila sharti lijibu swali ambalo mteja atakuuliza kweli. Haya ndiyo maswali yanayokuja Nyamakima.

Nalipaje? Arubuni ya 1,000 kwa kila gunia kabla ya oda kufungwa, kwa nambari ya Till ya duka, na salio kabla mzigo haujaondoka kwenye lori. Oda bila arubuni ni maneno tu. Arubuni ndiyo inayokuambia ukodi lori au usikodi.

Oda zisipotosha? Arubuni inarudishwa yote, Alhamisi kabla ya saa sita mchana. Hili liseme waziwazi mwanzoni, na liheshimu siku hiyohiyo. Mteja aliyerudishiwa pesa yake bila kuomba atakuja tena ofa ijayo.

Kwa deni je? Wateja wengi wa kudumu huchukua leo na kulipa baada ya siku chache. Bei ya ofa ni kwa wanaolipa pesa taslimu au kwa simu. Anayetaka kuchukua kwa deni aendelee na bei yake ya kawaida. Na mtu akiwa na deni la zamani, usilikate kwenye arubuni yake. Ukifanya hivyo atadhani ofa ilikuwa mtego wa kudai deni, na atawaambia wengine.

Nikichelewa? Anayefika kabla ya saa nne asubuhi anachukulia kwenye lori. Baada ya hapo magunia yanaingia stoo, na anaongeza 20 kwa gunia kwa ajili ya hamali. Jumamosi saa nane mchana ofa inaisha. Asipokuja, arubuni yake inahesabiwa kwenye bei ya kawaida au anarudishiwa.

Nikikuta mchele si ule? Andika aina kwa jina: pishori ya Mwea, daraja la kwanza, kilo 50 kamili. Kuchanganya pishori na mchele wa bei rahisi ni malalamiko ya zamani katika biashara hii, na mteja ana haki ya kuwa macho. Mruhusu achome gunia lolote kwa bambo, punje zimwangukie kiganjani, anuse, aone chenga ni kiasi gani, halafu gunia lipandishwe kwenye mizani. Kasoro ikionekana hapo, gunia linabadilishwa. Likishatoka barabarani, ubishi umeisha.

Lipo na la risiti. Wateja wenye hoteli zilizosajiliwa, pamoja na shule, watataka ankara ya kielektroniki ya eTIMS, kwa sababu tangu Januari 2024 KRA huhitaji ankara hiyo ili gharama ikubaliwe kwenye hesabu za kodi. Iandike kwa bei aliyolipa, 8,250.

Hatua ya 6: Andika ujumbe mmoja na uutume kwa watu wanaohusika tu

Ujumbe wenyewe unaweza kuwa hivi:

"Habari ya asubuhi mteja wetu. Wiki hii tunaleta lori zima la pishori ya Mwea, daraja la kwanza, badala ya nusu lori mara mbili. Tunachookoa kwenye usafiri tunagawana nawe: gunia la kilo 50 ni 8,250 badala ya 8,400, kuanzia magunia 4. Wawili mnaweza kuungana, oda iwe kwa jina moja. Arubuni 1,000 kwa gunia kwa Till yetu, mwisho Jumatano 10 Juni 2026 saa 12 jioni. Lori linafika Ijumaa 12 Juni. Chukua kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 asubuhi. Baada ya hapo ongeza 20 kwa gunia, mwisho Jumamosi 13 Juni saa 8 mchana. Magunia ni 45, anayetanguliza arubuni ndiye wa kwanza. Oda zisipofika 35, pesa yako inarudi yote Alhamisi. Bei hii si ya deni."

Umeona sababu imekaa mbele ya bei. Ukianza na bei, msomaji anasimama hapo na kuanza kushuku. Sababu anaifikia baadaye kama kisingizio.

Ukitumia Broadcast ya WhatsApp, kumbuka ujumbe huwafikia tu wale waliohifadhi nambari yako kwenye simu zao. Wengine hawaupati, na wewe hutajua. Kwa wateja 12 afadhali umtumie kila mmoja kivyake, kisha wale watatu wakubwa uwapigie simu. Na usiuweke kwenye Status, kwa sababu mpita njia ataona 8,250, aje kutaka gunia moja, na ukimkatalia umepata adui bure.

Maombi ya kupindishiwa masharti yatakuja, na yatatoka kwa unayempenda. Mazungumzo huwa hivi:

"Mama, mimi nachukua matatu tu, nifanyie ile bei."

"Matatu ni 8,400, baba. Tafuta mwenzako wa gunia moja muungane, Jumatano haijaisha. Nikikupa wewe, nitamwambia nini aliyechukua manne?"

Jibu hilo linamwachia mlango wazi na halimdharau. Ukimpa kimya kimya, kabla ya jioni wote watajua, maana hawa ni watu wanaokutana sokoni.

Siku yenyewe, na wiki inayofuata

Tuseme mambo yalikwenda hivi. Katika wale watatu wakubwa, wawili walichukua sita sita. Katika watano wa kati, wanne walichukua manne manne. Wadogo wanne waliungana, ikawa oda mbili za manne. Jumla ni 36. Bila wale wadogo zingekuwa 28, na ofa ingeanguka. Mama akaongeza magunia 20 ya duka, lori likaja na 56.

Usafiri ukawa kama 161 kwa gunia. Kila gunia la ofa likamwachia 469, na kila gunia la duka, lililouzwa 8,400, likamwachia 599. Ukilinganisha na 460 ya kawaida, amepata karibu shilingi 3,100 zaidi kwa magunia yaleyale 56, na wateja wake wamebaki na 5,400 mifukoni. Si utajiri, lakini haikumtoa jasho la kutafuta mteja hata mmoja mpya, na ameondokewa na safari moja ya lori.

Wiki inayofuata itakuwa kimya. Wateja wamejaza, hawaji. Hii si dalili ya kupoteza soko. Ni mauzo ya wiki hiyo uliyoyapokea mapema. Kwa hiyo usizitie pesa zote za Ijumaa kwenye mzigo mwingine. Tenga kodi na mishahara ya wiki ya pili siku hiyohiyo, na weka magunia machache ya akiba kwa wale wawili ambao hawakuingia kwenye ofa, kwa sababu wao watakuja kama kawaida.

Usipime ofa kwa mauzo ya Ijumaa moja. Chukua wiki mbili za ofa uzilinganishe na wiki mbili zilizotangulia: magunia mangapi yametoka, lori limelipwa mara ngapi, deni limepungua au limeongezeka. Angalia pia kama mteja wa magunia manne alirudi baada ya siku 14 au baada ya 20. Akirudi baada ya 20, ina maana alibebeshwa zaidi ya anavyouza, na safari ijayo kiwango chake kiwe matatu. Na wakianza kukuuliza "lori zima lingine ni lini?" huku wakiacha kununua katikati, acha kuiita ofa. Tangaza lori la kila wiki mbili lenye bei yake na siku yake, oda zifungwe Jumatano kama kawaida, na duka libaki na 8,400 kwa anayetaka gunia leo.